"Kabla Hujaondoka": Ubishi wa Kaunta na Sentensi Isiyo na Kosa

Katika duka moja la jumla mjini Busia, upande wa Uganda, juu ya kaunta ya malipo kuna kibao cha mbao chenye sentensi mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: "Ndugu mteja, hesabu chenji yako kabla hujaondoka hapa. Ukishaondoka, madai ya chenji hayapokelewi." Nilikuwa nimesimama pale nikisubiri risiti yangu, na wafanyakazi wawili wa duka hilo, mama mmoja anayepokea fedha na kijana anayepanga bidhaa kwenye rafu, walikuwa wakibishana kuhusu sentensi ya kwanza. Nayaandika mazungumzo yao karibu kama nilivyoyasikia, isipokuwa nimeondoa maneno ya Kiganda yaliyokuwa yakiingia na kutoka, na kubakisha lile moja ambalo ubishi wenyewe uliliegemea.

"Dada, kile kibao kina kosa," alisema kijana. "Wameandika hujaondoka. Ilipaswa kuwa kabla ya kuondoka."

"Kosa liko wapi, mdogo wangu?"

"Hujaondoka ni kukanusha. Ni kusema mtu hakuondoka. Sasa mteja anaambiwa ahesabu kabla ya kutoondoka. Maana imegeuka."

"Wewe ukinikuta hapa asubuhi ukaniuliza kama nimekunywa chai, nami sijainywa, nitakujibu nini?"

"Utasema bado."

"Na nikitaka kulisema neno lote?"

"Sijanywa."

"Nikisema sijanywa, nimekwambia kwamba leo sitakunywa?"

"Hapana. Utakunywa, ila wakati haujafika."

"Basi na mteja ni vivyo hivyo. Ataondoka, lakini hajaondoka, na ndiyo maana anaweza kuhesabu. Maneno yale ni sahihi, usiyaguse."

"Shuleni tulifundishwa kabla ya kuondoka."

"Hayo nayo ni sahihi, sijayakataa. Kwa Kiganda ungemwambiaje mteja?"

Kijana alifikiri kidogo. "Nga tonnagenda."

"Hilo tonnagenda ni kukubali au kukanusha?"

Hakujibu upesi. Alikiangalia tena kibao, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kukanusha."

Mama yule alikuwa na haki, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu pingamizi la kijana si la kipuuzi. Nimelisikia kwa walimu, kwa watu wanaotafsiri matangazo, na hata kwa wahariri ambao, wakikutana na "kabla hujaondoka" katika maandishi ya mtu mwingine, huifuta na kuandika "kabla ya kuondoka" wakidhani wamesahihisha. Wanachokifanya ni kuiondoa sentensi moja sahihi na kuweka nyingine sahihi, na mara nyingine, kama nitakavyoonyesha, sentensi wanayoiweka ni hafifu kuliko ile waliyoiondoa.

Tuanze na neno lenyewe. Hujaondoka lina sehemu nne: hu-, -ja-, -ondok- na -a. Ile hu- ya mwanzo ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja, yaani ha- iliyokutana na u-, na haihusiani na ile hu- ya mazoea tunayoikuta katika "yeye huondoka saa kumi". Kijana aliona ukanushi hapo, na hakukosea kuuona. Kosa lake lilikuwa kuidharau -ja-, kwa maana alipoifafanua hujaondoka alisema "hakuondoka", na maneno haya mawili yako mbali sana.

Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kukanusha jambo lililopita au lililotarajiwa. Nikisema "mteja hakulipa", nimefunga jambo: palikuwa na wakati wa kulipa, wakati huo umepita, na malipo hayakufanyika. Nikisema "mteja hajalipa", sijafunga kitu. Nimesema kwamba mpaka dakika hii malipo hayajafanyika, na mlango bado uko wazi. Anayesikia sentensi ya kwanza anaweza kuuliza deni litafidiwa vipi, ilhali anayesikia ya pili anaweza kuketi na kusubiri. Ndiyo sababu neno "bado" linaendana vizuri na -ja-, kiasi kwamba mtu akiulizwa "Umelipa?" anaweza kujibu "Bado" peke yake na kila mmoja akaelewa kwamba amesema "Bado sijalipa". Jaribu kuliweka "bado" pamoja na "sikulipa" uone jinsi sentensi inavyokataa kukaa.

Kwa hiyo -ja- hubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba tendo halijatimia, na kwamba linaangaliwa kutoka kwenye wakati fulani ambao tendo hilo bado lingeweza kutimia baadaye. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Mfano wa chai alioutumia yule mama ulikuwa mzuri kuliko mifano mingi ya vitabuni, kwa sababu ulimlazimisha kijana akiri mwenyewe kwamba "sijanywa" haimaanishi "sitakunywa". Baada ya kukiri hilo, pingamizi lake lilikuwa limebaki bila mguu wa kusimamia.

Sasa tuliweke neno hilo nyuma ya "kabla". Kibao kinamwagiza mteja afanye tendo la kuhesabu, na kinaeleza wakati wa kulifanya. Wakati huo ni upi? Ni ule ambao mteja bado amesimama kaunta. Katika dakika anayohesabu, hali yake ya kweli ni ipi? Hajaondoka. Kishazi kinachofuata "kabla" kinaitaja hali hiyo kama ilivyo. Hakisemi habari za baadaye, wala hakimwambii mteja asiondoke. Kinapiga picha ya dakika ya kuhesabu, na katika picha hiyo kuondoka hakujatokea.

Kutokana na hapo tunapata kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bila kitabu cha sarufi. Lifunike neno "kabla" kwa kidole, kisha ukiulize kishazi kilichobaki kama ni kweli katika dakika ya tendo kuu. "Hesabu chenji yako … hujaondoka hapa": wakati anahesabu, je, hajaondoka? Ni kweli. Jaribu sasa lile umbo ambalo kijana angelifikia kama angelifuata pingamizi lake mpaka mwisho, yaani kuondoa ukanushi na kubaki na kitenzi chenye nafsi: "Hesabu chenji yako kabla umeondoka." Funika "kabla", nawe unabaki na "umeondoka", ambayo katika dakika ya kuhesabu ni uongo mtupu. Msemaji mzoefu wa Kiswahili husikia kasoro hiyo mara moja hata kama hawezi kuieleza, na ndiyo sababu "kabla umeondoka" haikubaliki katika Kiswahili sanifu.

Kuna umbo jingine linalosikika sana, hasa kwa majirani zetu wa Kenya, na kwa kuwa Busia ni mji wa mpakani hulisikia kila siku: "kabla uondoke". Hapo kitenzi kimewekwa katika dhamira tegemezi, ile ile ya "nataka uondoke". Sarufi sanifu hailikubali umbo hilo, nami nisingeliandika kwenye kibao, lakini naona linatuambia jambo la maana. Watu wanaolitumia wamehisi kwamba tendo linalofuata "kabla" halijawa tendo kamili, kwa hiyo wamelikimbilia umbo la mambo yanayotakiwa au yanayotarajiwa. Wametafuta jambo lile lile ambalo Kiswahili sanifu kinalipata kwa -ja-. Tofauti na "kabla umeondoka", hawajadai kwamba mtu ameshaondoka.

Hoja inakuwa nzito zaidi tukitoka kwenye maagizo na kuingia kwenye masimulizi. Chukua tukio la kawaida la kaunta. Mteja amenunua bidhaa za shilingi 33,500 na kutoa noti ya shilingi 50,000. Chenji yake ni shilingi 16,500: noti ya 10,000, ya 5,000, ya 1,000 na sarafu ya 500. Mtunza fedha anageuka kuitafuta ile sarafu, na anapogeuka tena mteja hayupo. Jioni anamweleza mwenye duka: "Aliondoka kabla sijampa chenji." Je, alimpa chenji baadaye? Sentensi haisemi. Huenda mteja alikumbuka akarudi, huenda hakurudi kamwe. Kinachosemwa ni kwamba wakati wa kuondoka, kutoa chenji kulikuwa hakujatimia. Kama lugha ingemtaka mtunza fedha aseme "kabla nimempa chenji", angekuwa anadai kwamba chenji ilitolewa, jambo ambalo pengine halikutokea hata mara moja. "Kabla" ni neno linalotanguliza tendo moja mbele ya jingine, lakini halina dhamana kwamba lile la pili litafika. Mtu hufariki kabla hajalipa deni lake, mvua hukatika kabla haijalowesha ardhi, na katika mifano yote miwili tendo la pili halikuja. Ukanushi wa -ja- ni mwaminifu kwa ukweli huo.

Mfano huo wa jioni unaonyesha pia kwamba dakika inayotumiwa na -ja- kama kituo cha kuangalia si lazima iwe sasa. Katika "sijanywa" kituo ni dakika ya kusema. Katika "aliondoka kabla sijampa chenji" kituo kimerudi nyuma, pale mteja alipoondoka. Katika "nitafika kabla duka halijafungwa" kituo kimesogea mbele, kwenye saa ya kufika kwangu. Kitenzi kikuu ndicho kinachokiweka kituo mahali pake, na -ja- hukifuata. Wanafunzi wengi waliofundishwa kwamba -ja- ni "wakati uliopo hali timilifu, kanushi" hukwama hapa, wakijiuliza umbo la wakati uliopo limefikaje katika hadithi ya jana. Halijabeba "sasa" ndani yake. Limebeba "mpaka hapo", na "hapo" huamuliwa na sentensi nzima.

Nirudi kwenye Kiganda, kwa kuwa hapo ndipo ubishi ulipoamuliwa. "Bala ssente zo nga tonnagenda," ndivyo Mganda angemwambia mteja: hesabu fedha zako ukiwa bado hujaenda. Nga inaeleza hali inayoambatana na tendo, na tonnagenda ina to- ya kukanusha nafsi ya pili pamoja na -nna-, ambayo ni "bado" iliyopachikwa ndani ya kitenzi. Umbo hilo linafanana na hujaondoka sehemu kwa sehemu: kikanushi cha nafsi, alama ya jambo lisilotimia, shina la kitenzi. Kwa msemaji wa Kiganda hakuna cha ajabu hapo. Hakuna mama wa Kampala au Masaka ambaye amewahi kumwambia mwanawe "nga tonnagenda" kisha mtoto akadhani anakatazwa kwenda.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo sisi wa Uganda tungepaswa kuliona mapema kuliko wengine, na badala yake mara nyingi tunalikosa. Kijana wa rafu ana lugha yenye umbo lile lile kinywani mwake tangu utotoni. Lakini alipotaka kukipima kibao cha Kiswahili, hakukipima kwa Kiganda. Alikipima kwa Kiingereza, lugha aliyofundishiwa masomo yake, ambamo neno la "kabla" hufuatwa na kitenzi kisichokanushwa, na kwa hiyo ukanushi wowote hapo humfikia kama kosa la mantiki. Simlaumu. Kiswahili kiliandikwa katika Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, lakini mwalimu anayekifundisha mara nyingi hana njia nyingine ya kukieleza ila kwa Kiingereza. Anaandika sentensi ya Kiingereza ubaoni, anaitafuta ya Kiswahili inayolingana nayo neno kwa neno, na "kabla ya kuondoka" inakaa vizuri zaidi kwenye mstari huo kwa sababu haina ukanushi wa kumsumbua. Ile nyingine inabaki bila kufundishwa, na isiyofundishwa hugeuka kuwa kosa.

Mwalimu huyo huyo angeweza kuuliza swali alilouliza mtunza fedha: kwenu mnasemaje? Darasani Kampala swali hilo lingechukua dakika mbili. Neno "kabla" limetoka katika Kiarabu, na mwanafunzi wa Uganda hana budi kulijifunza kama neno jipya. Lakini kitenzi kinacholifuata, chenye nafsi, kikanushi na alama ya "bado", ni cha Kibantu kabisa, na huyo mwanafunzi amekwisha kukijua. Mimi hulitazama "kabla" kama kigingi kilichoongezwa mbele ya muundo ambao ulikuwa tayari unajitosheleza: hata leo unaweza kusema "hesabu chenji ukiwa hujaondoka" bila "kabla" yoyote, na maana ikafika.

Je, basi "kabla ya kuondoka" ina nafasi gani? Ni sahihi, ni fupi, na inafaa mahali pengi. Udhaifu wake ni kwamba haina nafsi. "Kuondoka" ni jina la tendo, na jina la tendo halisemi ni nani atakayelitenda. Katika kibao cha Busia hilo halidhuru, kwa kuwa anayehesabu na anayeondoka ni mtu mmoja. Lakini nimewahi kuona tangazo lililowaelekeza wateja hivi: "Mlinzi atakagua risiti kabla ya kuondoka." Ni nani anayeondoka? Sarufi ya sentensi inamwelekea mlinzi, kwa kuwa ndiye mtenda pekee aliyetajwa, ingawa akili inatuambia kwamba ni mteja. Kuna njia mbili za kuiponya. Ya kwanza ni kumtaja mtenda kabla ya jina la tendo: "kabla ya mteja kuondoka". Ya pili ni kukitumia kitenzi chenye nafsi: "Mlinzi atakagua risiti yako kabla hujaondoka." Hiyo ya pili ni laini zaidi na inazungumza na msomaji ana kwa ana, kama kibao kinavyotakiwa kufanya. Mhariri anayefuta kila "kabla hujaondoka" anajinyima chombo hicho, na matangazo yake yatajaa walinzi wanaoondoka.

Kosa la kweli, lile ambalo ningependa kijana yule alikamate siku moja, ni kuchanganya njia hizo mbili: "kabla ya hujaondoka". Neno "ya" hudai jina baada yake, na "kuondoka", "saa kumi", "malipo" yote ni majina au hufanya kazi ya majina. "Hujaondoka" ni kitenzi kilichokamilika chenye nafsi yake, na hakiwezi kukaa baada ya "ya", kama ambavyo hatuwezi kusema "baada ya ameondoka". Kanuni ni nyepesi: ukiweka "ya", lete jina la tendo, ukiiondoa "ya", lete kitenzi chenye nafsi na -ja-. Mchanganyiko huo unatokea mara nyingi kwa mtu aliyeanza kuandika njia moja, akasita, kisha akamalizia kwa njia nyingine.

Lipo kosa jingine la jirani, nalo ni la upatanisho. Kwa kuwa kitenzi cha -ja- hubeba nafsi au ngeli, ni lazima kipatane na kile kinachozungumziwa. Bidhaa hukaguliwa "kabla hazijatoka dukani", mlango hufungwa "kabla giza halijaingia", na wateja huombwa kulipa "kabla hawajatoka". Mwandishi wa vibao aliyezoea kuandika "hujaondoka" huweza kulinakili umbo hilo hata pale anapozungumza na wengi, akaandika "Wateja wapendwa, hesabuni chenji kabla hujaondoka." Amewaita wengi, akaagiza wengi, kisha akamwachia mmoja tu aondoke. Hapo ilipaswa kuwa "hamjaondoka".

Sentensi ya pili ya kibao, ile ambayo hakuna aliyeibishia, inastahili kutazamwa pia, kwa sababu ni ushahidi kwamba aliyekiandika alikijua Kiswahili vizuri. "Ukishaondoka, madai ya chenji hayapokelewi." Hapo tuna -sha-, iliyotokana na kitenzi kwisha, nayo inasimama upande wa pili wa mlango ule ule ambao -ja- inausimamia kwa ndani. Hujaondoka ni hali ya kabla ya kuvuka, ukishaondoka ni hali ya baada ya kuvuka. Ndivyo watu wanavyoulizana na kujibizana kila siku: "Umeshalipa?" "Sijalipa." Mwandishi aliigawa siku ya mteja katika vipande viwili visivyopishana hata kwa dakika moja, na kila kipande akakipa kanuni yake. Angeandika "kabla ya kuondoka" na "baada ya kuondoka", kanuni zingebaki zile zile, lakini zingekuwa kanuni zisizomwelekea mtu yeyote.

Nikiwa bado pale, nilijiuliza kama kuna lolote ambalo mimi ningelibadilisha, na kwa kweli lipo, ingawa haliko kwenye neno lililobishaniwa. Liko kwenye "hapa". Kwa kuwa kanuni yote inaning'inia juu ya dakika ambapo hujaondoka inageuka kuwa umeondoka, inabidi ijulikane mteja ameondoka wapi. "Hapa" ni kaunta au ni duka? Mteja wetu wa shilingi 16,500 anaweza kuchukua fedha zake, akasogea hatua nne mpaka kwenye magunia ya sukari, akahesabu na kukuta shilingi 15,500, noti moja ya 1,000 haipo. Yeye atasema bado hajaondoka hapa, kwa kuwa yumo dukani. Mtunza fedha atasema ameshaondoka hapa, kwa kuwa kaunta ina mtu mwingine na droo ya fedha imefunguliwa tena. Wote wawili watakuwa wamekisoma kibao sawasawa, na sarufi haitawaamua. Nilimwambia yule mama jambo hilo nilipokuwa nikipokea risiti yangu. Alikiangalia kibao kwa muda, kisha akamwambia kijana alete kalamu ya wino mzito, nao wakashauriana kama ubao una nafasi ya kutosha kuliondoa "hapa" na kuliweka "kaunta": hesabu chenji yako kabla hujaondoka kaunta.